Kadi ya Mfano Ubaoni

Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha pili ulikuwa kesho yake, nami nilitaka kujua ni nani bado hawajui umbo la tatu la vitenzi visivyofuata kanuni. Darasa letu la Karatu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia, baadhi yao wa bweni kutoka Piyaya na Digodigo. Kumsikiliza kila mmoja kusingewezekana, hivyo nikachagua mchezo wa bingo.

Niliandika vitenzi ishirini ubaoni, kisha nikaeleza sheria. Kila mmoja achore miraba tisa, achague vitenzi tisa avipendavyo, na katika kila mraba aandike umbo la tatu. Nikitaja “go”, mwenye “gone” aikate. Wa kwanza kukata mstari mzima aseme “bingo” na asome maneno yake. Ili waelewe, nikachora kadi ya mfano: juu gone, eaten, broken, katikati written, seen, taken, chini drunk, sung, bought.

Nilitaja “write”, kisha “see”. Nilipotaja “take”, darasa zima lilisimama.

“Bingo!”

Nikapita kati ya madawati. Kila daftari lilikuwa na kadi yangu.

“Nilisema mchague wenyewe.”

“Lakini mwalimu, uliichora ubaoni,” alisema kiranja kwa upole. “Cha ubaoni huwa tunanakili.”

“Tumeshinda wote! Zawadi iko wapi?” mwingine akadakia kutoka nyuma, wakacheka.

Kengele ikalia. Walitoka wakiwa na furaha, nami nikabaki na chaki mkononi, nisijue ni nani angeandika “bought” kesho na ni nani angeandika “buyed”.