Baki ya Mama wa Mawese

Asubuhi za Bwera, upande wa Uganda wa mpaka, huanza na ukungu. Unashuka kutoka milimani, unajaa sokoni, na kwa muda watu wanakuwa sauti tu. Unasikia mtu anamwaga maharage kwenye debe, mwingine anakohoa, wanawake wanavuka daraja kutoka upande wa Kongo wakicheka, lakini humwoni hata mmoja. Katika ukungu huo ndipo mama wa mawese alinionyesha mguu wake. Aliinua kitenge kidogo tu, akakishusha.

Tulikuwa majirani wa meza. Mimi nauza maharage na kahawa ya Kyondo, yeye alikuwa akiuza mafuta ya mawese kwa chupa na kwa dumu. Alikuja kutoka pande za Beni wakati watu walipokimbia vita, akabaki. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, tulijua, maana chai yake aliinywa bila sukari na sisi tulimtania kwamba anafanya toba. Kidonda kilianza kwa msumari wa kiatu. Alikificha wiki nyingi.

"Yaya, iko inanuka," aliniambia, akiniita dada kwa lugha ya kwao. "Usiambie batu."

Niliwaambia akina mama wa soko siku hiyo hiyo. Mimi sina moyo wa kunyamaza, na nilimkasirikia. Mtu mzima anaoza mguu huku anapima mafuta!

Hospitali ya Kasese walipomlaza, daktari alieleza kwamba kidonda kingesafishwa mara kadhaa chumba cha upasuaji, kisha ngozi itolewe pajani ifunike pale. Makadirio yakaandikwa kwenye karatasi: milioni mbili na laki sita, nusu yake ilipwe kabla ya kuanza. Kikundi chetu cha akina mama wa soko kilikuwa na mfuko wa shida, na ndani yake laki nne. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Mwenyekiti, mama mnene wa duka la chumvi ambaye ujumbe wake wa sauti ni mrefu kuliko mahubiri, aliniagiza niandike ombi la msaada kwenye kundi letu la simu, na kila mwanachama alipeleke kwa jamaa zake.

Kwanza nilikwenda kumwuliza mgonjwa. Sikutaka kutangaza mwili wa mtu bila ruhusa yake.

"Andika niko mugonjwa, andika hospitali, andika bei," alisema. "Photo ya muguu, hapana. Photo ya uso yangu, tia ile ya Noeli, nilikuwa na kitenge mupya."

Nikaandika hivyo. Nikaweka picha ya makadirio, nikasema laki nne za mfuko zimeshatolewa, kilichobaki ni milioni mbili na laki mbili. Mwisho nikatia namba ya simu ya kutumia pesa, yangu, ile ninayoitumia kila siku.

Sasa niseme habari ya namba hiyo. Iliandikishwa kwa kitambulisho cha mume wangu, zamani, wakati changu kilikuwa bado hakijatoka. Mume wangu alifariki. Namba ikabaki. Mtu akinitumia pesa ya maharage, kabla hajathibitisha, simu yake inamwonyesha jina la mume wangu. Wateja wangu walishazoea. Na mimi, kusema kweli, nilipenda. Jina lake lilikuwa bado linatembea sokoni, linapokea, linashukuriwa. Ningeenda kwenye ofisi ya simu na karatasi za kifo ningelibadilisha, lakini kila nilipofikiria foleni ile nilijikuta nimekumbuka kazi nyingine.

Siku za kwanza pesa ziliingia polepole, na mimi nilikuwa katika hali ya ndoto, nimekaa kwenye kivuli cha mchana, joto limelaza soko zima, simu inatikisika mapajani. Elfu kumi. Elfu tano. Elfu ishirini kutoka kwa mtu wa Butembo ambaye sikumjua. Nilijiona kama mume wangu amerudi, amesimama mahali fulani upande wa pili wa ukungu, anapokea michango ya mguu wa mama wa mawese na kunipa mkononi. Nilikuwa na furaha, jambo la ajabu kulisema, lakini nilikuwa nayo.

Kisha zikakauka. Siku nzima, hata shilingi.

Jioni mwanachama mmoja, muuza samaki anayeleta mzigo kutoka Katunguru, akauliza mbele ya kundi zima: "Mama wa pesa, shemeji yangu ya Kampala amekataa kutuma. Anasema jina inatokea ni ya mwanaume, na aliuliza mutu wa Bwera, akaambiwa huyo mutu alikufa. Tunamutumia marehemu pesa?"

Nilipandwa na hasira. Niliandika maneno ambayo nashukuru niliyafuta kabla ya kuyatuma. Nikaandika mengine, nikayatuma, nayo hayakuwa mazuri. Nilimwuliza kama samaki wake nao wanaonyesha kitambulisho. Baadhi wakaweka vicheko.

Mwenyekiti hakutuma sauti safari hii. Alikuja kwenye meza yangu mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha mama wa mawese, akapumua.

"Dada," alisema, "hakuna mutu anasema wewe ni mwizi. Lakini mutu wa mbali haoni uso yako. Anaona jina tu. Na hii laini wakiifunga leo, ile pesa ni ya urithi, itangoja korti. Muguu itangoja korti?"

Niliangalia simu na machozi yakanitoka, si kwa aibu. Niliona kwamba nitamtoa mume wangu sokoni, na nitamtoa mimi mwenyewe, kwa kidole changu.

Tulifanya kazi palepale, tukiwa wawili, na tukamwita muuza samaki awe wa tatu. Yeye ndiye aliyeuliza, na yeye ndiye ashuhudie. Nilipiga picha ya salio la namba yangu. Nilihamisha zote kwenda kwa namba ya mwenyekiti, iliyo kwa jina lake mwenyewe, nikapiga picha ya salio jipya na ya makato. Kisha tukatangaza upya. Namba hii, na jina litakalotokea ni hili. Likitokea jingine usitume. Asiyetaka kupitia kwetu alipe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya hospitali, ataje namba ya faili ya mgonjwa, atutumie ujumbe wa risiti. Walio ng'ambo ya daraja wampe faranga mama fulani tuliyemchagua, naye atazibadilisha kwa wabadilisha pesa wa Mpondwe, pale mpakani, na bei ya kubadilishia siku hiyo itaandikwa. Kila jioni soko likifungwa, waliotoa wataorodheshwa. Nikaomba radhi kuhusu samaki.

"Samaki yangu imesamehe," muuza samaki akajibu, na kundi likacheka, nami nikacheka huku napangusa pua.

Pesa zikarudi, nyingi kuliko mwanzo. Shemeji wa Kampala alituma elfu hamsini. Ile nusu ya kwanza ililipwa, risiti ikawekwa kundini, na mama wa mawese akaanza kusafishwa kidonda.

Nilikuwa nikimtembelea kila nilipopata gari la mizigo la kwenda Kasese. Wodi ile naikumbuka kama mahali pa chini ya maji. Mapazia ya kijani yalivimba na upepo na kutulia, mchana ulikuwa mrefu, wagonjwa walizungumza bila kufungua macho. Yeye alikuwa na homa, akawa ananisimulia mashamba ya michikichi ya kwao, jinsi matunda yanavyoanguka yenyewe yakiiva, jinsi mama yake alivyokuwa akichemsha mafuta na moshi ukapanda mwekundu. Moshi mwekundu, nikamwambia, huo haupo. Akasema, "Kwetu uko." Nikamwachia.

Siku moja nilimkuta daktari ameketi kando ya kitanda. Kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa, na damu haikuwa ikishuka tena vizuri kwenye unyayo. Alieleza taratibu, kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, kwamba mguu ukiachwa utamwua. Mama wa mawese alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba kalamu. Hakunitazama hata mara moja alipotia sahihi fomu ya upasuaji.

Alipona upasuaji, na kundini nilisema hivyo tu. Na ndipo ilipokuja kazi ya ripoti ya mwisho.

Niliipanga vizuri, na nilijivuna. Jumla iliyopatikana, pamoja na mfuko: milioni mbili, laki sita na elfu arobaini. Hospitali: milioni moja, laki nane na elfu sabini. Makato ya simu: elfu thelathini na mbili. Usafiri na chakula cha dada yake aliyekuwa akimwuguza wodini: laki moja na elfu arobaini na nane, hata ndizi zilikuwamo. Baki: laki tano na elfu tisini. Picha za risiti zote, moja baada ya nyingine. Palipohitaji maelezo kwa nini gharama ya hospitali ilipungua, kidole kiligoma. Nikaandika: matibabu yalibadilika, gharama ikashuka.

Kundi lilishangilia. Mungu ni mkubwa! Imeshuka! Picha za ngoma, picha za maua, mtu akasema huyo daktari abarikiwe. Mwenyekiti aliandaa hotuba yake. Baki, wakaulizana, irudi mfukoni au apewe mgonjwa?

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja tu. Mama wa mawese naye ni mwanachama. Simu yake ilikuwa chini ya mto wake.

Sauti yake ilifika katikati ya maua yale. Ilikuwa ya chini, na nyuma yake nilisikia mapazia na mtu akisukuma kigari.

"Ba-mama, aksanti sana. Naona munafurahia baki. Yaya wangu ameandika franga zote, hata ya ndizi. Muguu hakuiandika. Batu walitoa pesa ya muguu, bako na haki ya kujua. Walikata, chini ya goti. Kukata iko bei ndogo kuliko kuponyesha. Iyo baki ni ya muguu. Sasa mukishajua, muamue."

Niliona majina yakitokea kwamba yanaandika, kisha yanaacha, kisha mengine yanaandika.

Nilijifunika uso kwa leso, nikalia mbele ya wateja. Baadaye nikafungua ripoti na kuisahihisha. Chini ya mstari wa hospitali nikaongeza mstari mmoja: mguu wa kushoto. Upande wa kiasi sikujua niandike nini, nikapaacha wazi, nikaituma hivyo. Ndiyo ripoti pekee niliyowahi kutoa ambayo hakuna aliyeuliza swali.