Baba Yangu Katika Ndoto ya Mtu Mwingine

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alivuka mpaka hapa Tunduma akiwa na mzigo wa saruji wa kupeleka Kongo, na kama kawaida alinipigia simu kutoka Nakonde, upande wa pili wa Zambia, akaniambia foleni imepungua na atajitahidi kuwahi. Alipiga tena akiwa njiani. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani. Wiki zikapita, ikaja miezi. Mwenye lori alisema gari lilipata ajali ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na kwamba yeye mwenyewe bado anafuatilia. Kila nilipomuuliza amefikia wapi, alinijibu kwa maneno yaleyale.

Nilirudi kuishi na mama yangu kijijini Mpemba, jirani na Tunduma, nikiwa na wanangu wawili. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Alikuwa mtu wa ibada, aliyesomesha Kurani watoto wa mtaani kwa miaka mingi bila kudai chochote, na hata majirani zetu Wakristo, ambao ndio wengi huku kwetu, walimwita mzee wa Mungu. Walipogombana juu ya mpaka wa shamba, walimfuata yeye awaamue. Kwa hiyo jina lake lilikuwa na uzito, na mtu yeyote aliyesema amemwona katika ndoto hakukosa wa kumsikiliza.

Aliyesema hivyo alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka Mlowo. Alikuwa mwanafunzi wa baba zamani. Tangu mume wangu apotee, alikuwa akipita nyumbani mara kwa mara, anamsalimia mama, anawaletea wanangu miwa. Siku hiyo alikuja baada ya swala ya alasiri, akiwa na baba mdogo, mdogo wake baba. Nilikuwa nachambua mchele. Baba mdogo akaniita sebuleni.

"Mwanangu, kaa. Kuna ujumbe wa baba yako."

Yule wa Mlowo aliinamisha kichwa. Alisema alilala akiwa na udhu, akamwona baba amesimama kwenye mwanga, amevaa vizuri, uso unang'aa. Baba alimshika mkono akamwambia: "Mume wa binti yangu ametangulia. Mwambie akae eda. Baada ya hapo, yeye na watoto ni amana yako."

Mama alianza kulia. Alimwita baba kwa Kinyamwanga, lugha aliyokuwa akizungumza naye wakiwa wawili tu. Baba mdogo akasema, "Alhamdulillahi, angalau sasa tumejua."

Mimi sikulia. Nilimtazama yule mtu vidole vyake, maana macho hakuniinulia, nikajiuliza maswali ambayo niliona haya kuyasema. Mbona baba hakumjia mama, aliyelala naye kitanda kimoja maisha yao yote? Mbona hakunijia mimi? Na mbona ujumbe wenyewe unamalizikia kwa yeye aliyeuleta?

"Baba mdogo," nikasema, "mume wangu hajaletwa maiti, wala hakuna mtu aliyemwona amekufa."

"Unamkanusha baba yako?"

"Simkanushi baba. Baba hajasema na mimi."

Nyumba ikawa baridi kuanzia siku ile. Mama alikuwa akinitazama kana kwamba nimemfungia mlango mzee akiwa nje. Alikuwa ameshaanza kutenga kanga za eda. Jirani yetu, mama mmoja wa kanisani tunayekopeshana moto na chumvi, alinikuta uani nimenuna. Nilipomsimulia alitikisa kichwa. "Hata kwetu wapo, mwenzangu. Mtu anasimama ibadani anasema ameonyeshwa ndotoni dada fulani ni mke wake. Mchungaji wetu huwaambia, na huyo dada naye angeonyeshwa basi." Alicheka, nami nikacheka kidogo, lakini moyo haukutulia. Kwa sababu, tuseme ukweli, kama kweli baba alikuja? Nilikuwa namshuku yule mtu, na papo hapo nilikuwa najishuku mwenyewe, kwamba nakataa tu kwa kuwa sitaki kuwa mjane.

Nikaomba shauri lipelekwe kwa sheikh wa msikiti wetu. Baba mdogo alikubali haraka, nadhani aliona ni kwenda kukamilisha tu.

Tulikaa barazani kwa sheikh: baba mdogo, yule wa Mlowo, mama na mimi. Malori yalikuwa yakinguruma barabarani ikabidi tusogeleane. Sheikh alisikiliza ndoto yote bila kumkatiza msimuliaji. Kisha akaanza na swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Ulimwonaje mzee? Nieleze sura yake."

"Ni yeye mwenyewe, sheikh. Namjua."

"Najua unamjua. Nieleze."

Yule mtu akaeleza: kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, koti la kijivu juu ya kanzu, miwani, ndevu zimechongwa vizuri.

Mama akainua uso. "Miwani?"

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu hakuwahi kuvaa miwani," mama akasema polepole. "Alivaa siku moja tu, siku ya kupiga picha. Mpiga picha ndiye aliyemwazima, pamoja na lile koti."

Wote tuliijua picha hiyo. Ilikuwa sebuleni kwetu, juu ya kiti alichopenda kukaa huyu mgeni wetu.

Nilitaka kusema, umeona! Sheikh aliinua kiganja kuninyamazisha, na wala hakumwita yule mtu mwongo. Alisema wanazuoni wa zamani, mtu alipowajia akidai amemwona Mtume ndotoni, walimwuliza kwanza amweleze alivyokuwa. Akieleza sura isiyolingana na ile iliyopokewa katika habari za Mtume, walimwambia hukumwona. Na hapo ni Mtume, ambaye tumeambiwa shetani hawezi kujifananisha na umbo lake.

"Ahadi hiyo ni ya Mtume," akasema. "Mzee wetu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hakuna mahali tulipoambiwa kwamba sura yake haiwezi kuigizwa. Hata ungemweleza bila kukosea, bado nisingekuwa na uhakika ni yeye."

Baba mdogo akakunja uso. "Kwa hiyo ndoto njema hazipo?"

"Zipo. Tumefundishwa ndoto ni za aina tatu. Iko bishara kutoka kwa Mungu. Iko ya shetani, ya kumhuzunisha mtu. Na iko ya nafsi kujisemea, mtu akaota kile kilichoujaza moyo wake mchana." Hapo alimtazama yule wa Mlowo, kwa upole kabisa. "Mtu anayekaa mara nyingi chini ya picha, akiwafikiria watu wa nyumba ile, anaweza kuiota picha ikisema anachokitamani. Akaamka akaapa, na asiwe amedanganya."

Yule mtu alijibu kwamba yeye hana tamaa yoyote, ametumwa tu.

"Huenda," sheikh akasema. "Sikuhukumu, kwa kuwa uliyoyaona hakuna aliyeyaona nawe. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Anayetoa ushahidi tunamtaka awe macho, ameona na amehifadhi. Aliyelala hayuko katika hali hiyo, hata awe mkweli namna gani. Mtu akimwona Mtume mwenyewe usiku wa thelathini wa Shaabani, akaambiwa kesho ni Ramadhani, na mwezi haujaonekana, hatufungi kwa ndoto yake. Sasa nitamvunjiaje mwanamke ndoa kwa ndoto ya kumwona baba yake?"

Akamgeukia mama. Alimweleza kwamba ndoa ya binti yake ni jambo la yakini, na kifo cha mkwe wake ni jambo la shaka, na shaka haina nguvu ya kuing'oa yakini. Aliyepotea huhesabiwa yu hai mpaka ije habari ya kuaminika, au kadhi achunguze, aweke muda wa kungoja, kisha atoe hukumu. Kabla ya hapo hakuna eda, na posa yoyote kwa mke wa mtu ni haramu, iwe ya wazi au ya kuzungukazunguka. Neno hilo la mwisho alilisema bila kumtazama mtu.

Tulipokuwa tunanyanyuka, alimshika bega yule wa Mlowo. "Ndugu yangu, nakukumbusha kama ninavyojikumbusha mwenyewe. Anayedai ndoto ambayo hakuiona ataamriwa huko akhera afunge fundo kati ya punje mbili za shayiri, na hataweza." Yule mtu akavaa viatu akaondoka.

Sheikh alinishauri niache kungoja maneno ya mwenye lori, niulize watu walio macho. Ndivyo alivyosema. Nikaanza kushinda kwenye maegesho ya malori, naonyesha picha ya mume wangu kwenye simu. Madereva wengi walinihurumia tu. Mwishowe mama mmoja Mzambia, muuza vitenge anayevuka kutoka Nakonde na kumsalimia kila mtu kwa Kibemba, aliichukua ile picha akaituma kwa shemeji yake anayefanya biashara Lubumbashi. Jibu lilichukua muda. Lilipokuja lilikuwa ni sauti ya mume wangu, imerekodiwa kwenye simu ya mtu, ikinitajia majina ya utani ya watoto ili nisiwe na wasiwasi kuwa ni mwingine.

Alikuwa gerezani hukohuko Kongo. Katika ile ajali mwendesha pikipiki alikufa, wakamweka ndani, simu na hati zake zikachukuliwa. Mwenye lori alijua tangu mwanzo, ila alikuwa akihangaika kulikomboa gari kwanza. Ilibaki kazi ndefu ya mawakili na ndugu kabla hajaachiwa, lakini alirudi. Alikuwa amekonda, mguu mmoja unachechemea, na kwa siku nyingi hakutaka kufungiwa mlango wa chumba.

Mama alimpokea mkwe wake kwa kumwomba radhi, naye hakujua anaombwa radhi ya nini. Nilimsimulia baadaye, jioni moja tukinywa chai uani. Akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anadanganya?"

"Sijui."

Na kweli sijui mpaka leo. Yule wa Mlowo hakuja tena nyumbani. Nilikutana naye mara moja sokoni kwao, amesimama juu ya magunia anaelekeza wapakiaji. Alishuka akanisalimia, akauliza hali ya mume wangu, akasema anamshukuru Mungu. Kisha, nikiwa nimeshageuka, akasema, "Dada, lakini wallahi nilimwona."

Alisema kwa uso wa mtu aliyelala vibaya. Nilimtafuta machoni nione kama ni uongo, nikakosa pa kushika. Nikamwambia nimesikia, nikavuka barabara kwenda kutafuta gari la Tunduma.