Krismasi Ambayo Mama Hangepika

Mwezi wa kumi ulipoanza niliapa kwamba Krismasi hiyo mama yangu hatapika. Sikuapa kwa utani. Mwaka uliotangulia, nyumbani kwake Subukia, niliingia jikoni jioni nikamkuta ameketi juu ya jerikeni, magoti yamemvimba, anakwangua ukoko wa pilau kwenye sufuria. Alikuwa amelisha watu zaidi ya thelathini tangu asubuhi, na wageni walikuwa wamemaliza kila kitu. Nilipomuuliza mbona hakujiwekea sahani, akasema ameshiba harufu. Niliosha vyombo vyote vya siku hiyo nikilia, na kila aliyeniuliza nilimwambia ni moshi.

Basi nikafungua grupu la familia kwenye simu: mimi, kaka yangu mkubwa anayeishi Nairobi, dada yangu, na kitinda mimba wetu wa kiume ambaye ana duka la vipuri mjini Nakuru. Nikawaeleza mpango. Kuna hoteli Naivasha, vyumba vinne, chakula chote juu yao. Mama ataketi, ataletewa. Bei ilikuwa ya kubebeka, mradi tulipe nusu kabla ya mwezi kwisha.

Wote walinitumia vidole gumba. Nilipata vidole gumba vingi kuliko nilivyohitaji, na pesa sikupata. Dada alisema anangoja mwisho wa mwezi. Kitinda mimba alisema nimweke kwenye hesabu, atanitumia. Kaka mkubwa, ambaye hujiona mjanja wa biashara, aliandika, "Tusikimbilie. Watu hawana pesa this year. December wataanza kubembeleza wateja."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, najijua. Ningelipa peke yangu siku ile na kuwadai baadaye. Lakini nilitaka kuwaonyesha kwamba bila mimi hawawezi kitu, nikanyamaza wiki saba nzima. Huo ulikuwa upumbavu wangu, na wa kaka ulikuwa wake.

Mwisho wa Novemba nilipopiga simu, msichana wa hoteli aliongea nami kwa upole kama anayetoa pole ya msiba. "Madam, hizo rooms zilienda. Imebaki moja tu, na saa hii tuko kwa bei ya peak. Na lazima ulipie siku tatu."

Bei aliyonitajia ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza, tena kwa chumba kimoja. Nilizunguka kwa simu siku mbili. Naivasha, Nakuru mjini, Baringo, kote walinijibu vilevile: familia za Nairobi zilichukua vyumba tangu shule zilipofungwa Agosti. Watu waliodaiwa kuwa hawana pesa walikuwa wamelipa zamani, sisi tukiwa bado tunatumiana vidole.

Ndipo nikapata nyumba Kariandusi, juu kidogo ya ziwa Elmenteita. Vyumba vitatu vikubwa, veranda inayotazama maji, na mwenyewe alikuwa ameimaliza juzi juzi kwa hivyo haikuwa imejulikana sana. Picha zilinilevya. Nililipa papo hapo, pesa ambayo hairudishwi ukighairi, kisha nikaingia kwenye grupu kujigamba. Jioni nikampigia mama.

Alifurahi kwelikweli. Aliniuliza kama huko kuna baridi, kama kuna kanisa karibu, na nani atakamua ng'ombe wake. Nikamwambia jirani ameshakubali kukamua. Kisha akauliza, "Sasa hiyo jiko yao ni ya gas ama ya kuni? Nijue nibebe sufuria gani."

Hapo ndipo nilipokumbuka tangazo lile. Ile nyumba ilikuwa ya kujipikia. Ilikuwa imeandikwa wazi, na ndiyo maana bei yake ilikuwa na huruma. Kwa kukimbizana na bei nilikuwa nimelipa pesa nyingi ili kumhamishia mama jiko lake mahali penye mandhari nzuri.

"Mum, usibebe kitu," nikamwambia. "Kuna watu watapika."

Watu hao, niliandika kwenye grupu usiku huo, ni nyinyi wanaume wawili. Nyinyi ndio mlituchelewesha. Dada akajibu kwamba sasa tutakufa sote kabla ya Mwaka Mpya. Kwetu mwanaume huchoma nyama uwanjani na kupongezwa, halafu chapati, mchele, kabichi na chai vinatokea vyenyewe. Lakini hakuna aliyebisha. Nadhani wote walikumbuka lile jerikeni, maana nilikuwa nimewasimulia bila kuwahurumia.

Tulifika mkesha wa Krismasi, baada ya kujikokota kwenye msongamano wa magari. Kiwanja kile kilikuwa na nyumba nyingine tatu, zote zimejaa. Watoto walipiga kelele kwenye bwawa, kila veranda ilikuwa na muziki wake. Mama alishuka na gunia la viazi. Ndani ya viazi, niligundua baadaye, alikuwa ameficha kibao cha chapati na sufuria yake kubwa.

Asubuhi ya Krismasi kaka zangu walianza kukanda unga. Mama alikaa verandani dakika tano. Akaja kuchukua maji. Akaja kuangalia kama gesi inavuja. Mara ya nne alikuja amejifunga leso kiunoni, akanyoosha mkono kwenye unga, na mimi nikalipuka.

"Mum, kaa chini! Tumelipa pesa yote hii ndio ukae!"

Nilimpigia mama yangu kelele, siku ya Krismasi, majirani wakisikia. Kaka zangu waliacha kukanda. Mama alijifuta mikono polepole kwenye leso ingawa haikuwa na unga. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Na nikikaa," akasema, "mtakuwa mnakuja kufanya nini kwangu?"

Hatukuelewa, au tulijifanya hatukuelewa.

"Tangu baba yenu atuache, mimi huwaona Krismasi. Mnakula, mnabeba chapati za kwenda nazo, mnasema Mum hakuna mtu hupika kama wewe. Sasa mwaka huu mmetafuta mahali pengine. Mwaka ujao hamtanihitaji hata kwa hiyo."

Kumbe tangu Novemba, nilipokuwa nikijisifu jinsi nilivyomwokoa, yeye alikuwa akisikia kwamba anaachishwa kazi.

Kaka mkubwa, yule mjanja wa biashara, alivuta kiti akakiweka katikati ya jikoni. "Kaa hapa basi, Mum. Tuangalie vile tunaharibu." Mama akaketi. Alitucheka mpaka akashika mbavu. Chapati zilitoka ngumu kama soli, akala mbili na kudai ya tatu.

Mimi nilitoka nikasimama verandani nikijifanya naangalia ziwa. Kutoka kwangu Kiamunyi hadi kwake Subukia ni mwendo wa kama saa moja, na gari ninalo. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipokwenda kumwona siku ya kawaida, siku isiyo na sherehe, siku ambayo hakuwa ameweka chochote motoni. Nilirudi nyuma mwezi hadi mwezi, na sikuikumbuka.