Mwanamke wa Kona ya Vioo

Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani, Sabdio alipangusa vioo vyake viwili kwa gazeti lililoloweshwa maji kidogo. Vioo hivyo vilikuwa kwenye kona ya duka lake katika mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo, kimoja ukuta huu na kingine ukuta ule, vimegusana kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Mteja akijitazama katika kimoja, alijiona kama alivyozoea. Lakini akitazama pale katikati vinapokutana, alijiona vile watu wanavyomwona: akiinua mkono wa kulia, yule wa ndani naye anainua wa kwake wa kulia, kama mtu aliyesimama mbele yako. Wengi walishtuka. Ntinyari muuza mboga aliwahi kujigeuza mara tatu, akaguna.

"Kumbe huu ndio uso natembea nao Isiolo nzima? Na nyinyi mmenyamaza tu!"

Wanawake wa dukani wakacheka mpaka sindano zikasimama. Sabdio hakucheka. Alikuwa anamtazama Ntinyari akimtazama yule mwingine, na kichwani mwake riwaya ilikuwa imeanza.

Shule aliiachia kidato cha pili, lakini maneno hayakumwacha. Jioni, nguo zikiisha, aliandika kwenye simu, halafu akasoma kwa sauti na kutuma kwenye kundi la WhatsApp la mafundi na wateja wao. Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa Fahmo, mwanamke Msomali wa duka la vitambaa la jirani, rafiki yake wa miaka mingi.

Riwaya ilikuwa ya mwanamke anayeitwa Kabale. Mume wake alimpiga kofi kwenye harusi ya jamaa, mbele ya wageni, kwa sababu chai ilichelewa. Kabale akanyamaza, akaendelea kuosha vikombe. Asubuhi yake alisimama mbele ya kioo apanguse shavu, na yule wa ndani ya kioo akachelewa kidogo. Alichelewa kama mtu aliyeitwa akiwa na kazi nyingine. Siku ya pili akatoka kabisa, akaketi kitandani.

Sabdio hakumwacha atembee ovyo. Alimwekea sheria. Kabale alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, kama Sabdio mwenyewe. Basi yule aliyetoka kiooni alikuwa na kovu juu ya jicho la kulia, na alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, maana kioo kinageuza. Hakuwa na neno lake mwenyewe. Kila alichosema ni kitu Kabale alikuwa amekimeza. Na kadiri sura zilivyoendelea, watu wa nyumbani walianza kumpenda huyo wa pili. Alichangamka, alijibu, aliwachekesha wageni. Kabale wa kwanza akawa anasimama nyuma ya pazia akisikia jina lake linaitwa, na mwingine anaitika.

"Abaayo, dada yangu, niambie ukweli," Fahmo alimuuliza siku moja, kitambaa begani. "Huyu wa pili yupo ama hayupo?"

"Wewe unaonaje?"

"Mume wake si amemwona?"

"Ameona mke mmoja. Leo anajibu, kesho hajibu. Hajawahi kuona wawili pamoja. Nikimwonyesha mtu wote wawili, watakuwa ni mapacha tu, hadithi imekufa. Na nikisema hakuna aliyewahi kumwona, itakuwa ndoto. Lazima nipite hapo katikati."

"Eh! Na mwisho?"

"Mwisho umenikwama. Kabale akimchoma huyo wa pili kisu, damu itatoka kwa nani?"

Fahmo akajishika kifua. "Walai, wewe si fundi wa nguo."

Kofi lilikuwa la kweli. Guracha, mume wa Sabdio, alimpiga kwenye harusi ya binamu yake Tache, na chai ndiyo iliyochelewa. Guracha hakuwa mtu wa kupiga kila siku. Alikuwa dalali wa mbuzi, mtu wa maneno mengi sokoni na machache nyumbani. Mke aliponyamaza, yeye akajua yamekwisha. Mimba mbili zilikuwa zimetoka na Sabdio alinyamaza vilevile, kwa hiyo kunyamaza kwake kulikuwa kitu cha kawaida katika nyumba ile.

Habari za riwaya zilimfikia Guracha kwenye soko la mifugo. Mamo, dalali mwenzake, alimwita mbele ya watu na mbuzi.

"Guracha! Leo unalala kwa yupi? Mwenye kovu huku ama mwenye kovu huku?"

"Unasema nini?"

"Mahari moja, wake wawili! Tufundishe hiyo biashara, ndugu yangu."

Soko likapasuka kwa kicheko. Guracha akaomba simu ya mtu, akasikiliza sauti ya mke wake tangu mwanzo, amegeukia ukuta.

Alipofika nyumbani hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Sabdio.

"Mpaka watu wa Garbatulla wanasikia," alisema. "Ni wewe umesema hayo?"

Kabla Sabdio hajafungua mdomo, mama mkwe, Mama Guracha, aliingilia. Alikuwa mwanamke mpole, na alimpenda Sabdio kwa namna yake.

"Mwanangu, tulia. Miaka yote hii intala huyu, binti huyu, hajanijibu hata neno. Huyo wa kwenye simu anatukana watu. Huyo si Sabdio. Huyo ni karini wake." Alimaanisha jini anayezaliwa na mtu, anayemfuata kila aendako, mwenye sura kama yake.

"Ayo, mama yangu, si karini," Sabdio akasema. "Nimemtunga mwenyewe. Anatoka kiooni kwa sababu—"

"Mnasikia? Anatoka kiooni! Auzubillahi!"

Saa ileile Mama Guracha alikwenda dukani na leso mbili, akafunika vioo vyote viwili. Watu waliosimama nje walielewa bila kuelezwa kwamba Sabdio ana jini.

Guracha aliketi na mke wake, wawili tu. "Nisikilize. Kama ni jini, nimesamehe. Hakuna mtu anashtaki jini. Utabaki na nyumba, utabaki na duka. Lakini kama ni wewe, nitakurudisha kwa kaka zako kule Biliqo, na nitaeleza wazee maneno yote uliyonisema. Ustadh atakuja. Wewe utajua utamjibu nini."

Sabdio alimwelewa vizuri. Akisema maneno ni yake, anapoteza paa na cherehani. Akisema si yake, anabaki na kila kitu, isipokuwa aliyeyasema.

Ustadh Abdiwali alikuja baada ya swala ya alasiri. Hakuwa tapeli, hata chai alikataa. Alimketisha Sabdio mkekani, akamfunika shuka, akasoma kwa sauti ya chini karibu na sikio lake, akampulizia, akamnywesha maji yaliyosomewa. Wanawake walijaa mlangoni. Akasoma tena. Halafu akauliza, si kwa Sabdio:

"Wewe uliye ndani, unaitwa nani?"

Sabdio aliinua upindo wa shuka. Alimtafuta Guracha kwa macho, akamwona anatazama vidole vyake vya miguu.

"Unaitwa nani?"

"Kabale," akasema.

Wanawake wakapiga yowe. Ustadh akainua mkono wanyamaze.

"Uliingia lini?"

"Siku ya harusi."

"Ulipitia wapi?"

"Shavuni."

Guracha alijikuna shingo.

"Unataka nini kwa mwanamke huyu?"

"Nilitaka kusema."

"Umesema. Sasa toka."

"Nikitoka, nimwache nani hapa?"

"Umwache Sabdio, mke wa Guracha, mtu mtulivu."

Sabdio alijifunika tena shuka mpaka utosini. Kisha akasema, "Nimetoka," na Mama Guracha akalia kwa furaha, akamkumbatia.

Kuanzia hapo alipendwa. Guracha alileta maziwa ya ngamia bila kuombwa. Mama mkwe alimsuka nywele kwa mikono yake. Kundi la WhatsApp lilijaa dua, na sauti za riwaya zikafutwa moja moja, kila mtu akiogopa kubaki nazo kwenye simu. Ntinyari, aliyekuwa akicheka kuliko wote, alimshika mkono na kumwambia, "Sasa umerudi."

Lakini ubaya ulianza na chumvi. Walikuwa wanakula, Sabdio akasema, "Nyama leo imezidi chumvi." Mama Guracha aliyeipika akaacha kutafuna.

"Nani anasema?"

"Mimi, Ayo."

"Kabale, rudi ulikotoka!" Na maji ya kusomewa yakaletwa.

Ikawa hivyo. Akikataa kitu, ni Kabale. Akiuliza Guracha amelala wapi, ni Kabale. Akikubali, akiinama, akisema sawa, ni Sabdio, Sabdio wetu. Siku alipochoka alisimama katikati ya nyumba.

"Nilidanganya. Hakukuwa na jini. Niliogopa kurudishwa Biliqo, nikasema uongo mbele ya Ustadh. Maneno yalikuwa yangu, yote."

Guracha hakukasirika hata kidogo. Alimtazama kwa huruma, akamwambia mama yake taratibu, "Amerudi huyo. Mpigie Ustadh simu."

Sabdio akakaa chini. Alikwenda dukani kesho yake, Fahmo akamfuata na kufunga mlango.

"Malizia tu riwaya, abaayo. Kwangu peke yangu. Mwishoni nani anabaki?"

"Niliiandika upande mbaya," Sabdio alisema. "Nilifikiri anayetoka kiooni ni yule anayesema. Kumbe ni yule anayenyamaza. Yule ndiye wanamletea maziwa. Yule ndiye anashika nyumba. Mimi nasimama nyuma ya pazia, nasikia anaitwa."

"Basi mfukuze."

"Kwa mdomo gani? Nikiufungua, wanasema ni jini."

Fahmo alifungua tena mlango. Alimshika bega, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Ijumaa, Guracha alichinja mbuzi wa sadaka kumshukuru Mungu kwa kupona kwa mke wake. Nyumba ilijaa. Mamo alikuja akala bila kutania. Wanaume walikaa uani, wanawake wazee chumbani, vijana jikoni. Sabdio alipita na sinia, akamimina chai, akaambiwa uso wake umekuwa na nuru, akasema Alhamdulillahi. Alisikia sauti yake ikisema, akashangaa ilivyokuwa tamu. Ingeweza kuendelea hivyo bila yeye.

Aliweka sinia juu ya meza. Akavaa viatu.

"Sabdio yuko wapi? Chai imeisha huku!" mtu aliita kutoka uani.

"Yuko jikoni," Mama Guracha akajibu kutoka chumbani.

"Hayuko huku, yuko chumbani na nyinyi," wakajibu wa jikoni.

Na kwa kuwa kila upande ulijua yuko upande mwingine, hakuna aliyeinuka. Alipita lango mchana kweupe, mikono mitupu, akashika njia ya kando ya uzio wa uwanja wa ndege mpaka barabara ya lami. Nyumbani chai ilimiminwa na mtu mwingine, mazungumzo yakaendelea, na jina lake likaitwa tena na tena kwa upendo. Hakugeuka. Hakurudi.