Mstari wa Sita wa Mwalimu Raya

Pale chuo cha ufundi, upande wa Zinga, Mwalimu Raya Msabaha alijulikana kwa jambo moja: hapokei jedwali lenye mstari pungufu. Ukimletea mistari saba anakurudishia karatasi bila neno. Vihisi vitatu, kila kimoja kina hali mbili, moja kwa ndiyo au sifuri kwa hapana. Mbili mara mbili mara mbili ni nane, na nane haina mjadala.

"Mstari msioupenda," alizoea kuwaambia wanafunzi wake wa umeme, "ndio utakaokuja kuwabishia hodi."

Miaka kumi na tisa aliifundisha kanuni hiyo. Mwenyewe hakuwa na mume wala mtoto, na siku za mapumziko alifunga kengele za milango kwenye maduka na maghala ya Bagamoyo. Waya zake zilinyooka kama nywele zilizochanwa. Basi mtu angekosea, asingekuwa yeye. Na kweli hakukosea. Hapo ndipo habari hii inapouma.

Abdulwahab alikuwa na ghala la baridi la pweza na kamba, na wezi walikuwa wamemchosha. Kengele yake ya zamani ilitazama mlango tu. Mtambo wa baridi ukitikisika, mlango unacheza, kengele inalia bure mchana na usiku. Alimwita Raya, akamweleza shida yake kwa maneno mengi, naye Raya akayafupisha kama swali la mtihani: kengele ilie pale tu lindo, ile swichi ya ulinzi ya kuwasha wakishafunga, likiwa limewashwa, mlango ukiwa wazi, na kitu kikitembea ndani.

Akachora jedwali juu ya kreti iliyopinduliwa. Lindo, mlango, nyendo, na safu ya mwisho ya kengele. Mistari minne ya kwanza lindo limezimwa, ni saa za kazi, watu wanaingia na kutoka: sifuri zote, kengele inyamaze. Wa tano, lindo limewashwa, mlango umefungwa, ndani kimya: sifuri. Wa saba, mlango umefunguka lakini hakuna kinachotembea, ndiyo ile tikisatikisa ya mtambo: sifuri. Wa nane, vyote vitatu ni moja, huyo ni mwizi: moja.

Ukabaki wa sita. Lindo limewashwa, mlango umefungwa, na ndani kuna kinachotembea.

"Huu je?" Raya aliuliza.

"Mlango umefungwa, mwalimu, huyo mtu kapita wapi?" Abdulwahab alicheka. "Hayo ni mapazia ya plastiki yanapepea na feni. Weka sifuri. Majirani wameshanichoka."

Kalamu ilikaa hewani kidogo. Alitaka kusema kwamba mtu haingii kwenye chumba kilichofungwa, lakini anaweza kufungiwa humo. Neno lilifika hadi kwenye ulimi. Lakini mwenye mali ndiye mwenye amri, jua lilikuwa kali, na mwanamke anayebishana na tajiri kuhusu kazi yake hujulikana mji mzima kwa siku mbili. Akaandika sifuri.

Miezi saba ilipita, kengele haikulia bure hata mara moja, na Abdulwahab akamsifu kwa kila mtu.

Ijumaa ile mlinzi, Mzee Mwinyijuma, alifunga mapema awahi sala. Ijumaa wakishafunga hawafungui tena mpaka kesho yake. Alisimama mlangoni, akaita, "Kuna mtu?" Feni ikanguruma. Samia, binti wa miaka ishirini na mbili aliyechambua pweza, alikuwa mwisho wa chumba, nyuma ya makreti, hakusikia. Mzee akafunga, akazungusha ufunguo wa lindo, akaenda zake. Mpini wa kufungulia kwa ndani ulikuwa umekwama tangu Ramadhani. Kila mtu aliujua, kila mtu alisema utatengenezwa.

Mama yake Samia, Bi Miza, hakumtafuta. Walikubaliana kwamba binti akitoka kazini apitilize kwenda Ubena, kwenye harusi ya shangazi yake. Jumamosi asubuhi ndipo walipofungua mlango.

Mazishini watu walisema yale yanayosemwa: ajali haina kinga. Haina! Hii ilikuwa na kinga, ilifungwa kwa skrubu nne ukutani, kisha ikaamriwa inyamaze.

Mwinyijuma akawekwa ndani. Siku ya tatu Abdulwahab alimfuata Raya chuoni, macho mekundu, kwani naye alilia kweli na sanda alinunua yeye.

"Andika tu kwamba kengele ilikuwa nzima, mwalimu. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi yatosha. Mzee hakuchungulia, na hilo mwenyewe hakatai. Wewe usijiingize, ukaja kuharibu jina lako."

Lilikuwa kweli kila neno, na Raya aliogopa. Karatasi yenye maneno hayo tu ikisomwa bila maelezo, mzee wa watu angefungwa peke yake, naye Jumatatu angeingia darasani na chaki yake kama kawaida. Alipima yote mawili, na tusimsingizie ushujaa: usiku ule alishaandika barua ya sentensi moja, kengele ilikuwa nzima, akaitia sahihi.

Mkaguzi wa usalama kazini aliwakutanisha ofisini kwa Abdulwahab. Mwinyijuma aliletwa na askari, miguu imevimba. Bi Miza alikaa pembeni, kanga kichwani. Raya alimwamkia, "Shikamoo, mama," akajibiwa, "Marahaba, mwanangu," kwa upole uliomvunja. Barua ikabaki mkobani.

"Tueleze inavyofanya kazi," alisema mkaguzi, "kama unavyowaeleza wanafunzi."

Ukutani palikuwa na ubao wa kuandikia mizigo. Raya akaufuta, akachora safu nne, akashuka mstari kwa mstari, akisema kila mmoja maana yake. Akafika wa sita.

"Moja, sifuri, moja," alisema. "Lindo limewashwa, mlango umefungwa, ndani mtu anatembea. Hapa ndipo alipokuwa Samia."

Akaandika sifuri kwenye safu ya kengele.

"Mwalimu!" Abdulwahab alisimama.

"Nimesoma kumbukumbu ya mtambo wa kengele," Raya aliendelea, bila kumtazama. "Kihisi kilimwona. Tangu saa sita na dakika ishirini mchana mpaka saa kumi kasoro dakika chache kilipeleka moja, tena na tena, baada ya hapo kikanyamaza. Mapazia hayakuwa yanapepea, maana yangeendelea hadi asubuhi. Mtambo ulitii jedwali. Bwana Abdulwahab aliniomba sifuri, lakini mkono ulioandika ni huu, na nilikuwa najua. Mzee Mwinyijuma ana kosa lake. Asibebeshwe na langu."

Mwinyijuma akaanza kulia bila sauti. Mkaguzi aliandika muda mrefu.

Bi Miza alikuwa akiutazama ubao. Hakusoma sana, lakini mistari nane aliielewa yote.

"Hapo pa sita," aliuliza, "ungeandika moja ingekuwaje?"

"Kengele ingelia, mama."

"Ingesikika mpaka wapi?"

Raya alijua jibu, kwa kuwa king'ora alikichagua mwenyewe. "Mita mia tatu."

Bi Miza alitikisa kichwa polepole. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye uzio wa makuti ng'ambo ya uchochoro, ambako kamba ya nguo ilikuwa imefungwa kati ya miti miwili.

"Pale ni kwangu," alisema. "Mchana wote ule nilikuwa uani, nafua."