Rafu Zilizojazwa kwa Kuazima

Respah alijenga duka lake hapa Mayoni kuanzia gunia moja la sukari. Ndoa ilipovunjika mwaka wa 1996, mumewe Elkanah, ambaye hakuwahi kuuza hata kiberiti humo, aliiambia mahakama ya Kakamega kwamba mtaji ulitoka kwenye miwa yake. Jaji akamkubalia nusu ya thamani ya duka, akaagiza mthamini aje.

Basi Respah, kwa kuogopa aibu mbele ya mgeni, akaazima sabuni, mafuta na mablanketi kwetu majirani, akajaza ile nusu ya rafu zake iliyokuwa tupu. Akachinja na kuku. Mthamini alikula, akahesabu kila kitu, na Respah akatia sahihi kwamba mali yote ni yake. Jioni tukachukua vitu vyetu.

Mahakamani alilia kwamba aliazima. Mimi mwenyewe nilitoa ushahidi.

“Stakabadhi iko wapi, mama?” wakili wa Elkanah aliniuliza.

Nani humwandikia jirani stakabadhi? Sahihi ya Respah ikatushinda sote.

Duka likauzwa ili Elkanah apate nusu ya thamani aliyoandika mthamini. Bei yote ilimtosha yeye tu.