Hasasia ya Madam, Ugonjwa Wangu

Nikiri kwanza: nilikuja Riyadh kwa sababu mimi ni mtu wa kukaa ndani. Wenzangu tuliofunzwa nao kazi za ndani Nairobi walilia wakifikiria kufungiwa nyumbani kwa watu. Mimi nikaona, kumbe kuna kazi ya kulipwa kwa kutotoka!

Hakuna aliyeniambia kwamba vumbi la mtaa wetu wa Al-Naseem nalo ni la kukaa ndani. Joto lilipoanza kurudi, hewa ikageuka rangi ya chai ya maziwa, na mimi nikaanza. Chafya saba, nane, mfululizo. Pua inawasha mpaka naisugua kwa kiganja kama mtoto wa nasari. Macho yanatiririka, kamasi jepesi kama maji. Homa sina, mwili hauumi.

Madam, mwajiri wangu, akasogea nyuma, akamfunika mtoto uso kwa mtandio.

"Wewe mgonjwa. Usimguse mtoto."

Siku ya pili akaleta vidonge vidogo vya njano kutoka droo ya mama yake. Nikameza. Chafya zilipungua, lakini saa nne asubuhi nilikuwa nimelala wima kwenye meza ya pasi, na thobi, kanzu ya baba mwenye nyumba, ina alama ya pasi mgongoni.

"Mgonjwa, tena mvivu," madam akasema. "Mpaka Alhamisi. Hujapona, nakurudisha ofisini."

Ofisini, kwa wakala aliyenileta, maana yake ni kukaa kwenye godoro na wanawake wengine ukingoja nyumba nyingine ikuchague, au tikiti ya kurudi. Miezi minane ya kazi, halas, imekwisha, kwa sababu ya pua.

Nilimtumia dada yangu ujumbe wa sauti. Yeye anaishi Jeddah, mtaa wa Bani Malik. Akanijibu huku akicheka: "Pole mwaya. Hata ukifukuzwa, utafukuzwa ukiwa umejifungia. Lakini hebu niambie, ni nani anayekung'uta mazulia hapo?"

Mimi. Nani mwingine? Kila asubuhi nakung'uta mazulia ya sebule juu ya paa, nafagia bila kunyunyiza maji, kisha nazunguka na chetezo cha udi chumba kwa chumba, moshi wote unaniingia mimi kwanza. Halafu naulizwa kwa nini napiga chafya.

Na lililonichoma zaidi: madam mwenyewe alikuwa akipiga chafya! Akiwa chumbani, macho mekundu, tishu zimejaa kwenye kapu ninalolimwaga mimi. Yake ilikuwa na jina zuri, hasasia, yaani mzio. Hakuna aliyemfunikia mtoto uso.

Jumamosi alinituma na dereva nikamchukulie dawa yake ya kupulizia puani. Mfamasia, Msudani wa makamo, aliniangalia mimi badala ya karatasi.

"Hii ni yake au yako, dada?"

Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni. Akauliza kama nina homa, kama kamasi ni zito, kama inawasha. Akasema ni mzio, hauambukizi. Vile vidonge vya njano ni vya zamani, vinalaza. Akanipa vingine visivyolaza sana, kimoja kwa siku, na chupa ya kupulizia kama ile ya madam. "Kila siku, hata kama hupigi chafya. Inachukua siku kadhaa, pengine wiki mbili. Vumbi futa kwa kitambaa kibichi, na uvae barakoa."

Wiki mbili! Na mimi nina siku tano.

Basi nikaamua kuiharakisha. Bibi yangu alivuta ugoro, najua pua inavyolishwa. Nikarudisha kichwa nyuma, nikapuliza, nikavuta kwa nguvu zote. Dawa ikapita puani moja kwa moja hadi kooni, chungu kama mwarobaini. Siku tatu nilifanya hivyo. Siku ya tatu damu kidogo ikatoka.

Jumatano madam akanikuta jikoni nikiivuta hivyo.

"Si hivyo!" Akaninyang'anya chupa. "Kichwa mbele kidogo. Mkono wa kulia, pua ya kushoto. Elekeza upande wa sikio, si katikati. Vuta polepole. Ukivuta hivyo unainywa!"

Alionyesha vizuri, kama mwalimu. Nikamtazama.

"Madam, kumbe unaujua huu ugonjwa."

Nikaona afadhali niseme yote, kesho ni Alhamisi. "Yako haimwambukizi mtoto. Yangu inamwambukizaje? Ni mazulia na udi, madam. Nipe barakoa na ile mashine ya kuvuta vumbi iliyofungiwa stoo."

"Yalla, chukua," akasema, akatoka.

Alhamisi ilipita. Pua ilikuwa bado inawasha, lakini chafya zilibaki mbili tatu, na ofisini madam hakupiga simu. Asubuhi aliniwekea mtoto mapajani bila neno. Pole sijaisikia mpaka leo.

Ijumaa wageni walikuja. Nikiwa namimina kahawa, nikamsikia akiwaambia kwamba mfanyakazi wake alikuwa mgonjwa sana, hajui hata kutumia dawa, na ni yeye aliyemtibu. Wakamwombea Mungu amlipe. Nikasimama pale na dele mkononi, nikajaza vikombe vyao vyote hadi ukingoni, na huku kikombe kikijazwa ni kumwambia mgeni aende zake.